Jumla Iliyopigiwa Makofi

Meza yangu iko ndani ya duka la vifaa vya ofisini hapa Makambako, imebanwa kati ya mashine ya kutolea nakala na rafu ya madaftari. Nilipostaafu ualimu wa Kiingereza nilipanga kulima viazi na kupumzika. Viazi vilinishinda msimu wa kwanza tu, nikarudi kwenye kile ninachokijua. Natafsiri vyeti, barua, mikataba, na zaidi ya vyote ankara, maana mji wetu ni wa mbao, parachichi na malori, na siku hizi kila mwenye mzigo ana mnunuzi au mfadhili wa ng'ambo anayetaka kusoma bei kwa lugha yake.

Wateja wangu wanaamini kwamba ankara ndiyo kazi rahisi kuliko zote. "Mwalimu, hizi ni namba tupu," wananiambia, kisha wanaomba niwapunguzie. Namba tupu! Barua ya salamu nikiikosea, anayesalimiwa atacheka tu. Nikikosea sifuri moja, kuna mtu atauza ng'ombe.

Tena watu wetu hawasomi fedha kama ilivyo vitabuni. Kwenye mbao, elfu huachwa nyumbani. Ukiambiwa ubao ni "sita na nusu", ujue ni elfu sita na mia tano, na ukitoa shilingi sita na senti hamsini utafukuzwa na mbwa. Lori likiwa "laki mbili na nusu", ni elfu mia mbili na hamsini, lakini hapo kuna mtego mwingine, kwa sababu mtu akitamka "elfu mia mbili na hamsini" harakaharaka, mwingine anaandika mia mbili elfu na shilingi hamsini. Ndiyo maana mteja akikaa mbele yangu namwomba ataje laki. Laki haina utani. Lakini lugha ya wafadhili haina laki, kwa hiyo laki saba naigeuza kuwa mia saba elfu, na mia inakaa mbele ya elfu kwa adabu zake.

Utaratibu wangu ni mmoja na sijauacha. Nasoma kila mstari kwa sauti kwa Kiswahili, naandika tarakimu, nazidisha idadi kwa bei mwenyewe, kisha najumlisha mistari upya kama vile jumla iliyoandikwa chini haipo. Nikimaliza ndipo naifunua. Msichana anayetoa nakala ananiita "mama wa kusali", kwa sababu ya ule mnong'ono.

Alhamisi moja iliingia kamati ya ujenzi ya usharika mmoja wa upande wa Kichiwa. Walikuwa watatu, wamevaa makoti mazito ya baridi, na mwenyekiti alitangulia. Huyu alikuwa afisa mstaafu wa serikali, na kustaafu kwake hakukuwa kumemfikia bado. Nyuma yake mhazini, mwenye duka la pembejeo, na katibu, mwalimu kijana wa shule ya msingi. Walikuwa wanaezeka kanisa jipya kwa mbao walizochukua kwa ahadi ya kulipa. Marafiki wa ng'ambo walikuwa wameahidi kulipia mbao za paa, na masharti yao yalikuwa mafupi: watume ankara iliyotafsiriwa, kikao chao kingekaa Jumanne, fedha zingetumwa mara moja tu moja kwa moja kwa muuza mbao, na baada ya hapo mfuko ungefungwa.

"Kamwene, Mwalimu," alisema mwenyekiti. "Tumekuletea kazi ndogo. Kila kitu kimeshahakikiwa."

"Kimehakikiwa vipi, mzee?"

Nilikuwa nimeuliza tu kwa mazoea, lakini walifurahi sana, wakaamua kunionyesha. Mwenyekiti aliichukua ankara, akanyoosha mkono kuiweka mbali na macho, akasoma jumla kwa maneno: "Shilingi za Kitanzania milioni nane, laki moja na elfu sitini tu." Ile "tu" aliiweka mwishoni kwa uzito, mfano wa mtu anayefunga geti. Mhazini alifuata tarakimu kwa kidole. Kisha akatoa simu, akafungua kikokotoo, akaandika humo 8,160,000, akaitazama, akaridhika. Katibu akasema, "Sahihi." Hivyo ndivyo walivyokuwa wamefanya kwenye kikao. Baada ya hapo waliweka saini, wakapiga mhuri, wakaomba, na Jumapili iliyopita jumla ikatangazwa ibadani na kupigiwa makofi. Katibu alikuwa ameshawatumia marafiki jumla hiyo kwa WhatsApp pamoja na picha ya wazee wa kanisa wakitabasamu.

Walipoondoka kwenda kunywa chai, nilikaa na ankara. Ilikuwa ya mama mmoja muuza mbao ambaye uwanja wake uko karibu na reli, mwandiko mkubwa, wa kueleweka. Mbao mbili kwa nne, vipande mia sita na arobaini, kila kimoja elfu sita na mia tano: milioni nne, laki moja na elfu sitini. Sawa. Mbili kwa sita, mia moja na themanini, kwa elfu kumi na mbili: milioni mbili, laki moja na elfu sitini. Sawa. Mbili kwa mbili, mia tano na hamsini, kwa elfu tatu na mia nane: milioni mbili na elfu tisini. Sawa. Lori, safari tatu za laki mbili na nusu: laki saba na elfu hamsini. Sawa.

Nikajumlisha. Nikapata milioni tisa, laki moja na elfu sitini.

Nikarudia kutoka chini kwenda juu. Tisa. Nikajua hata kosa limezaliwa wapi, maana mama yule anajumlisha kwa mdomo kama wafanyabiashara wetu wengi, kila rafu peke yake, elfu kwanza, kisha laki, kisha milioni. Elfu zake zilikuwa sitini, sitini, tisini na hamsini, jumla elfu mia mbili na sitini, yaani laki mbili na elfu sitini. Ukiongeza laki za mistari, moja, moja na saba, laki zikafika kumi na moja. Laki kumi na moja ni milioni moja na laki moja. Laki moja akaiandika vizuri. Milioni akaisahau njiani, na zile milioni nane za kwanza zikabaki nane.

Kamati iliporudi niliwaeleza. Mwenyekiti alisikiliza, mikono nyuma, kana kwamba anapokea taarifa ya mafuriko ya wilaya nyingine.

"Mwalimu," alisema, "sisi tumekuletea kutafsiri. Hatukukuletea kuhesabu."

"Mzee, siwezi kuibadilisha kimyakimya, na siwezi kuinakili kimyakimya. Natafsiri kilichoandikwa. Mistari imeandikwa tisa, jumla imeandikwa nane. Nikitafsiri vyote viwili, marafiki zenu watauliza."

"Marafiki huwa hawajumlishi," alisema mhazini kwa imani kubwa.

Wakaanza hoja, na namshukuru Mungu nilikuwa nimekaa. Hoja ya kwanza, mhuri umeshapigwa. Ya pili, jumla imeshatangazwa ibadani, na kilichotangazwa ibadani hakifutwi kama ratiba ya mpira. Ya tatu, kubadilisha kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji soda, na kasma ya soda imekwisha. Ya nne aliitoa mwenyekiti akiwa ameinua macho kwenye dari ya duka. "Na huenda," alisema, "huyu mama aliguswa moyoni akatoa sadaka ya milioni moja."

"Sadaka hutolewa na anayejua kwamba ametoa," nikamjibu. Sauti yangu ilipanda hadi msichana wa nakala akazima mashine. Sijui kwa nini watu wazima wakishika mhuri wanakuwa hivi. Nilikasirika, na nilipokasirika nikawaambia karatasi haiondoki mezani kwangu mpaka mwenye mbao aione.

Ijumaa asubuhi nilikwenda uwanjani kwake. Upepo wa Makambako ulikuwa unapeperusha unga wa mbao hadi kwenye meno. Mama yule alikuwa amesimama juu ya rundo la mbao akiwagombeza wapakiaji, kilemba kichwani, gumboti miguuni. Nilidhani atanishukuru. Ama kweli, shukrani ya punda ni mateke.

"Mwalimu, mimi nimehesabu mara mbili," alisema. "Mara zote mbili imekuja nane."

"Umehesabu kwa njia ileile mara mbili."

"Mbao nimeuza tangu mume wangu yuko hai. Wewe umeuza nini? Chaki?"

Nilimwonyesha tarakimu nilizopanga, milioni chini ya milioni, laki chini ya laki. Alizitazama kwa heshima ileile unayoitazama picha ya mtoto wa mtu usiyemjua. Nilimwonyesha kikokotoo. Akasema vikokotoo vya simu vinaibiwa na mtandao. Nikawa naelekea kuondoka, nimekasirika kwa mara ya pili katika siku mbili, ndipo nikakumbuka kwamba mfanyabiashara anajua kulipa kuliko anavyojua kujumlisha.

"Haya mama," nikasema, "fedha zimeingia. Milioni nane, laki moja na elfu sitini, hizi hapa mkononi. Sasa jilipe mbao zako."

Akacheka, lakini akapokea fedha za hewa. "Najilipa mbili kwa nne. Milioni nne, laki moja na elfu sitini. Zinabaki milioni nne kamili."

"Mbili kwa sita."

"Milioni mbili, laki moja na sitini. Inabaki..." Akafumba macho. "Milioni moja, laki nane na arobaini."

"Mbili kwa mbili."

"Milioni mbili na elfu tisini." Akafumbua macho, akanitazama mimi, akatazama mkono wake mtupu. "Hazitoshi."

"Zimepungua ngapi?"

"Laki mbili na nusu." Kisha akashusha sauti. "Na lori? Lori bado sijalilipa."

Akashuka kwenye rundo, akaketi juu ya ubao, gumboti zake zikielekeana. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakulisema kwa kamati. Miti ile aliinunua kwa mkopo wa kikoba chao, na dhamana aliyoweka ni dingdong, mashine yake ya kupasulia magogo, ile inayosikika ikilia kwenye mashamba ya miti yote huku. Mkopo wenyewe ulitakiwa kurejeshwa mwisho wa mwezi. Bila ile milioni angeuza dingdong, na bila dingdong hana mbao, ana uwanja wa kuwekea upepo.

"Wale wazee wanajua?" aliniuliza.

"Wanajua tangu jana. Wanasema huenda ni sadaka."

Sitaandika alichosema, kwa sababu alikisema kwa Kibena na wajukuu wangu husoma ninachoandika.

Jumamosi tulikwenda pamoja, yeye na mimi, hadi kwenye kanisa jipya. Kenchi za paa zilikuwa zimeshasimama, mbao mpya nyeupe zikionekana angani, na kamati ilikutana chini yake bila soda, jambo ambalo mhazini alilitaja kwenye ufunguzi. Mama aliandika ankara mpya mbele yao, akasoma jumla mpya, milioni tisa, laki moja na elfu sitini, akaiweka mezani. Mwenyekiti alikohoa kidogo. Akaeleza habari ya mhuri. Akaeleza habari ya tangazo. Akaanza taratibu kukaribia neno sadaka.

"Baba mwenyekiti," mama alimkatiza, "sadaka yangu natoa kwenye bahasha, na bahasha ina namba, mhazini anaijua. Hii ni mbao. Kama milioni yangu haipo kwenye karatasi, basi ipo kule juu." Akanyoosha kidole kwenye kenchi. "Vijana wangu watapanda waishushe. Chagueni ninyi, tuanzie upande wa madhabahu au upande wa kwaya?"

Katibu, ambaye ni mwimbaji wa sauti ya tatu, alitazama upande wa kwaya kwa masikitiko. Mhazini akaiomba ankara, akafungua kikokotoo, na kwa mara ya kwanza machoni pangu akaandika humo namba zaidi ya moja. Alijumlisha polepole, midomo ikicheza. Ilipotokea tisa, uso wake ukawa wa mtu aliyekuta nyoka ndani ya kabati la vyombo.

"Ni tisa," alisema.

"Sahihi," alisema katibu.

Mwenyekiti aliigeuzageuza ankara mkononi. Mimi nilidhani anafikiria fedha. Sasa najua alikuwa anafikiria sentensi. Hatimaye akasema kamati inaipokea ankara mpya, lakini lazima waumini waambiwe kwanza, kisha barua ya maelezo iandikwe kwa marafiki, kwa kuwa wao walishapokea ile ya nane. "Maana wataniuliza kosa limetoka wapi," alisema. Macho yake yalipita juu ya mama, juu ya mhazini, juu ya katibu, yakafika kwangu, yakapumzika.

Jumapili nilihudhuria. Sikuwa na sababu ya kwenda kusali mbali na kwetu, nilikwenda kusikiliza. Ulipofika wakati wa matangazo mwenyekiti alisimama, koti limepigwa pasi. "Wapendwa," alisema, "baada ya uhakiki wa kina uliofanywa na kamati yenu, jumla ya paa letu imepanda kutoka milioni nane hadi milioni tisa, laki moja na elfu sitini tu!"

Kanisa lililipuka kwa makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Mara hii walipiga zaidi kuliko Jumapili ile nyingine, niliambiwa baadaye, maana tisa ni kubwa kuliko nane. Bibi mmoja aliyekaa kando yangu alinishika mkono.

"Wametuongezea?"

"Wametuongezea, bibi."

"Bwana asifiwe," akasema, akarudi kupiga makofi.

Jumatatu, duka lilipofunguliwa tu, katibu alikuwa mlangoni na ankara mpya na barua. Kikao cha marafiki kilikuwa kesho yake. Ankara niliitafsiri kwanza, kwa utaratibu wangu, mstari kwa mstari, na jumla ilikuja yenyewe bila kusukumwa. Kisha nikafungua barua.

Ilikuwa imeandikwa vizuri. Ilisalimu, ikaulizia afya za watoto wao, ikasifu mvua. Halafu ikasema: "Tunasikitika kuwajulisha kuwa tofauti ya shilingi milioni moja ilitokana na kosa la mtafsiri. Kamati, kwa umakini wake, ililigundua kosa hilo mapema na kulisahihisha."

Nilisoma mara mbili. Nilihisi joto limepanda kutoka shingoni hadi masikioni, asubuhi ya baridi ya Makambako.

"Kijana," nikamwambia katibu, "wewe ulikuwepo."

Alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilikuwepo, Mwalimu. Mwenyekiti amesema nikukumbushe. Wewe mwenyewe ulisema unatafsiri kilichoandikwa."

Kweli nilisema. Tena kwa sauti kubwa, hata msichana wa nakala alisikia. Ningeweza kukataa. Ningeweza kuirudisha barua, wakaita kikao kingine wakatafute soda na kosa jipya, Jumanne ikapita na mfuko ukafungwa. Nilifikiria yale maneno mawili, kosa la mtafsiri, na nilifikiria gumboti za yule mama zikielekeana juu ya ubao. Nikavuta kiti.

Niliitafsiri barua nzima, salamu, watoto, mvua, umakini wa kamati, yote. Sikuongeza neno na sikupunguza. Pale penye tofauti ya fedha nilikagua mara mbili, tisa kutoa nane, na ilikuwa milioni moja kamili, hapakuwa na kosa. Katibu alilipa kwa noti zilizokunjwa, akaniomba radhi kwa sauti ndogo, akaenda kuituma.

Fedha ziliingia. Mama alinipigia simu akazisoma kwa sauti, rafu kwa rafu, milioni tisa, laki moja, elfu sitini, kisha akajilipa mbao zote papo hapo kwenye simu, lori likiwamo, na hakubakiwa na upungufu. Kikoba kikapata chake. Siku za upepo, dingdong yake naisikia kutoka upande wa Kichiwa.

Nakala ya barua ile ninayo mezani, chini ya kioo. Pale chini kuna mhuri wangu na saini yangu, na maneno ambayo mtafsiri yeyote lazima ayaandike mwisho wa kazi: nathibitisha kwamba tafsiri hii ni sahihi na kamili.